Baba aliomba drili, akaletewa cherehani

"Wakuu, nimetumiwa na ndugu yangu zawadi isiyonihusu hata kidogo. Natamani kuirudisha ila naogopa kumuudhi. Kuna aliyewahi kupata zawadi ya ajabu namna hii ikaishia vizuri?"

Mkuu, yupo. Ni baba yangu.

Mzee alikuwa dereva wa malori maisha yake yote. Alipostaafu akaanza kuboreka, akamwambia kaka yangu kwenye simu kwamba anataka "kamashine kadogo ka kushughulisha mikono". Akilini mwake ilikuwa drili. Siku zile maongezi yao yalikuwa salamu mbili tatu kisha simu inakatwa. Tangu mama afariki walikuwa na kinyongo ambacho hakuna aliyetaka kukitaja. Kwa hiyo kaka hakuuliza ni mashine gani, na mzee hakufafanua.

Likaja boksi. Ndani, cherehani ya umeme ya nyumbani.

"Nimeomba mashine ya kutoboa, naletewa ya kushona," mzee akasema, akalisukumia chini ya meza. Likakaa huko wiki tatu. Kaka akipiga kuuliza kama mzigo umefika, anajibiwa "umefika", basi.

Aliyelifungua ni binti yangu, wakati huo ana miaka 12, alitaka kushona mfuko wa daftari. Akaweka uzi mwekundu juu na mweupe kwenye bobini, kwa kuwa ndio uliokuwemo. Akashona kama shubiri moja, cherehani ikanguruma na kukwama. Juu ya kitambaa mshono ulionekana wa kawaida. Chini yake palikuwa na kichuguu cha nyuzi, kama kiota cha ndege.

Sasa mzee wangu ana ugonjwa mmoja: hawezi kusikia mashine ikilia vibaya akaendelea kusoma gazeti. Akavuta kiti. Kwa kuwa uchafu uko chini, akaona ubovu uko chini. Akatoa bobini, akapuliza vumbi, akakaza robo mzunguko ile skrubu ndogo ya kwenye kikasha chake, akiwa ameiwekea alama ya kalamu kwanza ili ajue pa kurudia (udereva wa lori ni ufundi nusu). Kiota kikarudi. Akabadilisha sindano, ubapa wa shina lake ukiangalia nyuma kama kijitabu kilivyoelekeza. Kiota kikarudi. Ilikuwa saa nne usiku, na mtoto hataki kulala.

Nikapiga picha, nikamtumia kaka bila kumwambia mzee. Akapiga simu ya video hapo hapo.

"Baba, angalia rangi. Kiota ni chekundu. Huo ni uzi wa juu umelegea, ndiyo maana unamwagikia chini. Bobini haina kosa."

Mzee akanyamaza.

"Mlipotunga uzi, kiguu cha kukandamiza kitambaa kilikuwa juu au chini?"

Kilikuwa chini. Kumbe kiguu kikiwa chini, vile visahani viwili vya kukaza uzi vinakuwa vimebanana, uzi unapita juu juu bila kuingia katikati yao. Ukikiinua vinaachia, uzi unazama mahali pake. Kaka akawaambia watunge upya kiguu kikiwa juu, kisha wakishushe na kuuvuta uzi kidogo: ukigoma umekaa, ukiteleza rudia tena. Ukagoma. Wakashona, na safari hii chini pakatoka mweupe mtupu.

"Nani kakufundisha haya?" mzee akauliza.

"Mama. Mimi ndiye niliyekuwa namtungia uzi macho yalipoanza kumsumbua. Alikuwa akinipiga kidoleni nikisahau kuinua kiguu."

Mzee hakujua. Miaka hiyo yeye alikuwa barabarani, nyumbani akipita kama mgeni. Nadhani hapo ndipo kinyongo chenyewe kilipokuwa kimelala, ingawa hakuna aliyesema hivyo usiku ule. Alichosema ni, "Alikuwa anashona nini?" Simu ikaenda mpaka saa sita kasoro. Mimi nilikwenda kulala, nikawaacha watatu, babu, mjukuu na uso wa kaka ulioegemezwa kwenye gurudumu la cherehani.

Sisemi kila kitu kilinyooka. Walikuja kugombana tena, na mara moja walisusiana mwezi mzima. Lakini mzee alikuwa amepata sababu ya kupiga simu bila kuonekana amejishusha: "Hebu niambie, mbona inaruka mishono?" Wakati mwingine cherehani ilikuwa haina tatizo lolote. Nilimwona.

Kwa hiyo mkuu, usirudishe kwanza. Fungua boksi, kikikwama muulize aliyekutumia.

Drili ililetwa mwaka uliofuata, kaka alikuja nayo mwenyewe mkononi. Haijatoboa kitu mpaka leo. Mzee ameishonea mfuko.