Karani asiye na chuki

"Kama karani wa benki hana chuki na mtu mweusi, ubaguzi wa mfumo unatoka wapi?"

Ndugu yangu, unatoka kwenye kanuni anayoifuata. Huko Marekani, shirika la serikali lililoanzishwa 1934 kudhamini mikopo ya nyumba liliihesabu mitaa ya watu weusi kuwa ya hatari, hivyo karani alimnyima mkopo hata jirani aliyempenda. Sheria ya 1968 iliukataza ubaguzi huo, lakini nyumba ambayo babu hakuweza kuinunua mjukuu hakuirithi, na kwa kuwa skuli za huko hutegemea sana kodi ya majengo, skuli za mitaa hiyo zilipata fedha kidogo, na upungufu huo ulimfuata hadi kwenye ajira. Wapo wanaolaumu askari wabaya, na hawakosei, ila hata askari mwema, akipangiwa doria mtaa wa watu weusi kila siku, atakamata watu wa huko huko.