Kabla ya kuomba tathmini isogezwe, jua alama zinafungwa lini

"Likizo yangu ilishapitishwa, tarehe 8 hadi 19 Desemba. Leo bosi kaniwekea kikao cha tathmini ya mwaka tarehe 11. Nimwombe tukifanye nikirudi tarehe 22? Au nikubali kuongea kwa simu nikiwa likizo?"

Usimwandikie hiyo tarehe 22! Omba kikao kije mbele, kabla hujaondoka.

Kikao na alama ni vitu viwili tofauti. Kikao kinaweza kufanyika siku yoyote, lakini alama zina siku ya mwisho ya meneja kuziwasilisha. Kwenye ofisi nyingi, baada ya hapo mameneja hukaa pamoja kulinganisha alama za watu wao, kisha mfumo unafungwa. Tuseme siku hiyo ni tarehe 15. Bosi wako hatakusubiri. Atajaza alama kwa anachokumbuka, na mara nyingi anachokumbuka ni kazi za miezi miwili ya mwisho. Ile kazi nzito uliyoimaliza Machi haipo. Ukirudi tarehe 22 utasomewa matokeo, na hata bosi akikubali kwamba alisahau, kubadilisha alama iliyokwisha kufungwa kunataka idhini ya watu waliomzidi cheo. Wengi hawataki kujiingiza huko.

Mimi idara ya utumishi waliniambia "hakuna shida, mtaongea ukirudi." Bado inanikera, kwa sababu tarehe ya kufunga walikuwa nayo mezani na hawakuitaja.

Kwa hiyo swali la kwanza kwa bosi ni hili: "Alama unaziwasilisha lini?" Akijibu tarehe 15, rudi nyuma kutoka siku yako ya mwisho kazini, yaani Ijumaa tarehe 5. Hiyo usiiguse, utakuwa unakabidhi kazi. Omba tarehe 3, na tarehe 4 iwe akiba. Fomu ya kujitathmini aipate tarehe 1, apate siku mbili za kuisoma.

Usibonyeze tu kitufe cha kukataa mwaliko kwenye kalenda, maana ataona umekataa bila kuona sababu. Mwandikie hivi:

"Habari za kazi. Kikao cha tathmini cha tarehe 11 kimeangukia kwenye likizo yangu iliyopitishwa, tarehe 8 hadi 19. Naomba tukifanye tarehe 3 au 4, saa yoyote inayokufaa, ili kitangulie siku ya kuwasilisha alama. Fomu yangu nitakutumia tarehe 1."

Akisema wiki hiyo amejaa, fomu mtumie hivyo hivyo tarehe 1, ikiwa na kazi nne au tano, kila moja na mwezi wake na matokeo yake. Kisha omba akuthibitishie kwa maandishi kwamba ataisoma kabla ya kuweka alama. Hapo ndipo kikao kinaweza kusubiri hadi tarehe 22.