Nashika kazi ya mkubwa wangu aliyestaafu, mshahara ni ule ule. Nidai vipi?

Swali: Mshauri, mimi ni afisa wa kumbukumbu katika wizara moja Nairobi. Mkuu wetu wa kitengo alistaafu mwisho wa Februari. Mkurugenzi alitangaza mkutanoni kwamba nishike kitengo "kwa muda". Sasa ni Juni, natia saini kila kitu, lakini pesilipu haijabadilika. Sina barua yoyote. Naogopa nikiuliza nitaonekana mwenye tamaa. Nifanye nini?

Jibu: Dada, kinachokosekana hapo ni barua, na ndiyo utakayoiomba kwanza kabla ya kutaja pesa. Mhasibu wa mishahara hawezi kuingiza marupurupu kwa tamko la mkutanoni. Anahitaji karatasi iliyotoka kwa mwenye mamlaka ya kuteua, na katika wizara mkurugenzi wa idara kwa kawaida si huyo. Ombi lako hupitia kwake, likafika kwa rasilimali watu, likajadiliwa na kamati ya ushauri ya wizara, kisha Katibu wa Wizara akaidhinisha. Ndiyo maana mkurugenzi anaweza kuwa anakuunga mkono kwa moyo wote na bado usilipwe.

Kabla hujaandika, tafuta muundo wa utumishi wa kada yenu, usome masharti ya cheo unachokishikilia: elimu, kozi, na miaka uliyotakiwa kukaa katika daraja la chini yake. Ukiyatimiza yote, unastahili kukaimu, na mwongozo wa Tume ya Utumishi wa Umma wa 2016 unatoa asilimia 20 ya mshahara wako wa msingi. Ukipungukiwa na sharti lolote, hata kozi moja tu, unachostahili ni marupurupu ya majukumu maalum, ambayo ni asilimia 15. Wengi huomba kukaimu bila kulichunguza hili. Ombi linarudishwa, na miezi inapotea.

Hesabu hufanywa juu ya mshahara wako mwenyewe wa msingi. Mshahara wa aliyestaafu hauingii, wala marupurupu yako ya nyumba na ya usafiri. Tuseme msingi wako ni shilingi 48,000. Ukikaimu utaongezewa 9,600 kwa mwezi. Kwa majukumu maalum, 7,200. Zote hukatwa kodi ya mapato, kwa hiyo kitakachofika benki kitakuwa pungufu ya hapo.

Sasa barua yenyewe. Ukurasa mmoja unatosha, iandikwe kwa Katibu wa Wizara kupitia kwa mkurugenzi wako. Usilalamike kuhusu wingi wa kazi, wala usitaje ada za shule. Sema hivi:

"Kufuatia kustaafu kwa mkuu wa kitengo cha kumbukumbu, nilielekezwa na mkurugenzi kutekeleza majukumu ya nafasi hiyo kuanzia tarehe 3 Machi, na nimeendelea kufanya hivyo hadi leo. Naomba uteuzi huo uthibitishwe kwa maandishi, tarehe ya kuanza ikiwa hiyo, na marupurupu yanayostahili yalipwe."

Weka tarehe yako halisi. Kisha ambatisha ushahidi: kumbukumbu za mkutano ule, hati ya makabidhiano kutoka kwa mkuu aliyeondoka, barua mbili tatu ulizotia saini kama mkuu wa kitengo, na vyeti vyako. Ikiwa kumbukumbu za mkutano hazikuandikwa, mwandikie mkurugenzi barua pepe fupi ya heshima ukimwomba athibitishe maelekezo aliyotoa siku ile. Jibu lake la mstari mmoja ni ushahidi tosha wa kuanzia. Nakala yako ya barua ipigwe muhuri wa kupokelewa masjala, uitunze nyumbani.

Hiyo tarehe ya kuanza ishikilie sana. Barua za uteuzi mara nyingi hutolewa zikianza siku zilipoandikwa, na mtu akaipokea kwa furaha bila kusoma. Kwa mfano wetu, barua ikianza Juni badala ya Machi, umepoteza miezi mitatu, yaani shilingi 28,800. Ukiona hivyo, jibu mara moja kwa maandishi uombe irekebishwe, ukirejelea ushahidi ulioambatisha.

Kuna kikomo pia. Sheria ya Tume ya Utumishi wa Umma ya 2017, kifungu cha 34, inataka kukaimu kusipungue siku 30 wala kuzidi miezi 6, na mwongozo hauruhusu kulipa kupita hapo. Wewe uliyeanza Machi unafikia ukingoni mwisho wa Agosti. Kwa hiyo andika wiki hii, na katika barua iyo hiyo uliza nafasi itatangazwa lini. Ikitangazwa, tuma maombi kama wengine, kwa sababu kukaimu hakukupi cheo chenyewe. Miezi sita ikiisha bila tangazo, omba maelekezo kwa maandishi: unarudi kwenye kazi yako ya awali, au uteuzi unashughulikiwa upya? Usiendelee kutia saini kimyakimya.

Kwa msomaji wa kampuni binafsi, asilimia hizi hazikuhusu. Sheria ya Ajira ya 2007 haikuweka kiwango cha kukaimu, kwa hiyo angalia mkataba wako, mwongozo wa wafanyakazi, au makubaliano ya chama chenu na mwajiri.