Kichwa kimoja juu ya kolamu zote bila laini za chini kuhama

"Wakuu, nikiunganisha seli za juu za jedwali kwenye Word ili kichwa kikae katikati, laini za mistari ya chini zinaanza kupishana. Nifanyeje?"

Mkuu, hapa Ngamiani, Tanga, kazi yangu ni kuchapa, na jedwali za michango ya vikundi ndizo zinazokuja kwa wingi. Kuunganisha seli kwenyewe hakuhamishi laini. Kinachozihamisha ni kuvuta kolamu kwa mausi baada ya kuunganisha, hasa seli fulani ikiwa bado imechaguliwa. Ukivuta laini seli ina kivuli cha kijivu, Word inasogeza laini ya seli hiyo tu, na zilizo chini yake zinabaki palepale.

Kwa hiyo upana umalize kwanza, kabla kichwa hakijakuwepo. Chukua karatasi ya A4 ya wima yenye pambizo za sm 2.54: unabaki na kama sm 15.9. Mimi huigawa hivi: Na. sm 1.2, Jina sm 5.6, Januari, Februari na Machi sm 2.2 kila moja, Jumla sm 2.5. Namba hizo ziandike kwenye Table Properties, kichupo cha Column. Kisha kwenye kichupo cha Table bonyeza Options, uondoe tiki ya Automatically resize to fit contents. Tiki hiyo ikibaki, jina refu la mwanachama linaweza kutanua kolamu yake na kubana za jirani.

Sasa bofya kwenye mstari wa majina ya kolamu, nenda Layout ya jedwali (siyo ile ya ukurasa), bonyeza Insert Above. Chagua mstari huo mpya peke yake, ungali mtupu, halafu Merge Cells. Andika kichwa, kiweke Align Center. Nasisitiza uwe mtupu kwa sababu seli zenye maandishi zikiunganishwa, kila andishi linakuwa aya yake na mstari unarefuka.

Ukibadili mawazo baadaye, usitumie Split Cells. Inagawa seli kwa upana sawa: sita zote zinapata kama sm 2.65, wakati Jina chini yake ni sm 5.6, na hapo ndipo ngazi zinapoonekana. Futa mstari mzima kwa Delete Rows, uingize mwingine ukiwa umesimama kwenye mstari wa chini wenye kolamu zote. Ukiingiza ukiwa ndani ya kichwa, utapata mstari mwingine wa seli moja.

Kujua kama jedwali limenyooka, washa Ruler kwenye View, bofya mstari mmoja mmoja wa data utazame alama za kolamu kwenye rula ya juu. Ambapo alama zinaruka, mstari huo ndio mbovu. Ingiza mpya chini ya ulio mzima, hamishia maandishi, futa ule mbovu.

Orodha ikivuka ukurasa, chagua kichwa pamoja na mstari wa majina ya kolamu, bonyeza Repeat Header Rows. Ukichagua wa pili peke yake haitafanya kazi. Lazima uanzie mstari wa kwanza wa jedwali.