Dhumna 31 na ubao uliokatwa kona mbili

Shikamoo Mwalimu. Nimechora ubao wa sataranji wa miraba 8 kwa 8, nikakata kona mbili zinazokabiliana kimshazari, a1 na h8. Imebaki miraba 62, na dhumna ninazo 31, kila moja ya kufunika miraba miwili. Mbona kila nikipanga, mbili za mwisho hazipati pa kukaa? (Msomaji, Tanga)

Marahaba. Tazama rangi za ubao kabla hujaupanga tena. Ubao mzima una miraba 32 myeusi na 32 myeupe, na miraba miwili inayopakana ubavu kwa ubavu haiwi ya rangi moja kamwe. Kwa hiyo dhumna, uilaze au uisimamishe, hukalia mweusi mmoja na mweupe mmoja. Dhumna 31 zinataka weusi 31 na weupe 31. Kona ulizokata ni nyeusi zote mbili, hivyo umebakiwa na weusi 30 na weupe 32. Hakuna mpangilio utakaoziba pengo hilo.

Unaweza kulihakikisha kwa macho. Siku utakayofanikiwa kuweka dhumna 30, angalia miraba miwili iliyobaki: yote itakuwa myeupe, hata kama umepanga kwa namna usiyowahi kuijaribu. Na weupe wawili hawapakani ubavuni, kwa hiyo dhumna ya 31 haina pa kuingia. Mwanafalsafa Max Black alilichapisha fumbo hili mwaka 1946, na uzuri wake ni huo: jibu halikutaki ujaribu mpangilio hata mmoja.

Mimi nimetumia karatasi nyeupe tupu, sikupaka rangi yoyote. Rangi ambayo haipo inaizuiaje dhumna? (Msomaji, Mombasa)

Haiizuii. Kizuizi kimo kwenye umbo la ubao. Rangi inakuonyesha tu kilipo. Ukipenda, acha rangi na utumie namba: ipe safu wima a hadi h namba 1 hadi 8, kisha kwa kila mraba jumlisha namba ya safu wima na ya safu mlalo. Ukisogea mraba mmoja kwenda pembeni au juu, jumla hubadilika kwa 1, yaani shufwa hugeuka witiri na witiri hugeuka shufwa. Dhumna basi inafunika shufwa moja na witiri moja. Kona a1 ina jumla ya 2 na h8 ina 16, zote shufwa. Ni hoja ile ile bila tone la rangi.

Lakini si kila upakaji unasaidia. Tuseme ungepaka safu wima nzima nzima, a nyeusi, b nyeupe, na kuendelea hivyo hadi h. Dhumna iliyosimama ingekalia rangi moja tu, na kukata a1 na h8 kungekuachia 31 kwa 31. Hesabu hiyo isingekuambia lolote. Upakaji unaofaa ni ule ambao kila kipande, popote kikiwekwa, hufunika idadi ile ile ya kila rangi.

Je, nikikata mweusi mmoja na mweupe mmoja, nichague popote, itawezekana? (Msomaji, Nakuru)

Naam, kila mara, na mwanahisabati Mmarekani Ralph Gomory alitoa uthibitisho ambao unaweza kuuchora kwa penseli. Anza a1, panda safu wima a hadi a8. Kisha fuata safu mlalo ya 8 hadi h8, shuka h7, rudi hadi b7, shuka b6, nenda tena hadi h6, na uendelee kuzungukazunguka hivyo, bila kuigusa safu a, mpaka ufike safu mlalo ya 1 kutoka h1 na kurudi a1. Umepita kila mraba mara moja na umefunga mzunguko, na kila hatua ilibadilisha rangi.

Sasa ondoa mweusi mmoja na mweupe mmoja. Mzunguko unakatika vipande viwili, au kimoja kama miraba hiyo ilifuatana njiani. Kipande kinachoanza baada ya mweusi ulioondolewa huanza na mweupe, na huishia na mweusi, jirani wa mweupe ulioondolewa. Kikianza na rangi moja na kuishia na nyingine, kina idadi shufwa ya miraba, basi zipange dhumna moja baada ya nyingine kuifuata njia, hata pale inapokunja. Kipande cha pili ni vivyo hivyo.

Kwa hiyo rangi zikilingana tu, kazi imekwisha? (Msomaji, Zanzibar)

Hapana. Kata a2 na b1, ambayo ni miraba myeupe, halafu kata d4 na e5, myeusi. Zimebaki 30 kwa 30, lakini a1 imebaki peke yake pembeni, majirani zake wote wawili wameondoka. Rangi zisipolingana, jibu ni hapana. Zikilingana, bado hujajibiwa. Hapo unahitaji sharti la mwanahisabati Mwingereza Philip Hall la mwaka 1935: chagua kundi lolote la miraba myeusi, kisha hesabu weupe wote wanaopakana nalo, wakiwa wachache kuliko weusi hao, haiwezekani. Rangi zikilingana na pasiwe na kundi lenye upungufu huo, inawezekana.

Nina vipande vya miraba mitatu iliyonyooka, 21. Vinafunika 63, basi nikikata mraba mmoja tu vitaenea. Nikate upi? (Msomaji, Dodoma)

Swali hili nimelipenda kuliko yote, kwa sababu rangi mbili hazitoshi na inabidi uitafute ya tatu. Rudi kwenye zile jumla za safu, ugawe kwa 3, na uangalie baki: 0, 1 au 2. Kipande chako, kikilala au kikisimama, hufunika baki zote tatu, moja moja. Vipande 21 vinataka 21 za kila baki. Ukihesabu ubao mzima utapata baki 0 mara 22, baki 1 mara 21 na baki 2 mara 21. Mraba wa kukata lazima uwe wa baki 0.

Kona a1, yenye jumla ya 2, imeshindwa. Kona a8 ina 9, baki 0, na inaonekana kufaa. Usiikate bado. Pindua ubao kushoto kulia, kama kwenye kioo: a8 inahamia h8, yenye jumla ya 16, baki 1. Kama a8 ingefaa, h8 nayo ingefaa, na haifai. Mraba wako basi lazima uwe na baki 0 kabla na baada ya kupindua, na inayofaulu mara zote mbili ni minne tu: c3, c6, f3 na f6.

Rangi zimekuondolea 60. Kwamba minne iliyobaki inafaa kweli, hilo huonyeshwa kwa kupanga. Kata c3. Chukua miraba 5 kwa 5 kutoka a1 hadi e5, ambayo c3 iko katikati yake. Izungushie mistatili minne ya 2 kwa 3: wa a1 hadi c2, wa d1 hadi e3, wa c4 hadi e5 na wa a3 hadi b5. Kila mstatili unachukua vipande viwili. Juu yake, a6 hadi e8, weka vitano vilivyosimama. Safu wima f, g na h weka vinane vilivyolala. Hesabu: 8, 5 na 8, ni 21. Kwa mingine mitatu, zungusha ubao.