Faida ya 800 iliyo hewa

"Duka la Harare limeuza juu ya bei ya kununulia, hasara kwenye hesabu zilizorekebishwa kwa mfumuko wa bei inatoka wapi? Si wageuze tu kuwa dola?"

Iko kwenye gharama, mkuu. Tuseme mafuta ya kupikia yalinunuliwa Januari kwa 1,000, fahirisi ya bei, yaani kipimo cha bei kwa jumla, ikiwa 100. Yakauzwa Desemba kwa 1,800, fahirisi imefika 200. Vitabu vinaonyesha faida 800. Lakini ile 1,000 ni pesa ya Januari. Kwa pesa ya Desemba ni 1,000 × 200/100, yaani 2,000. Mwenye duka amekula hasara ya 200, na hiyo 1,800 hairudishi mzigo uleule. Akijigawia ile 800, anakula mtaji.

Kuna mdau kasema zidisha kila kitu kwa fahirisi. Nusu sawa. Mzigo wa stoo, majengo na mtaji, ndiyo. Taslimu na madeni ya mwisho wa mwaka usiguse, noti ya 500 ni 500. Hasara ya kukaa nayo ina mstari wake (aliyekopa hapo anacheka).

Dola? Zimbabwe walirudia marekebisho haya kwa hesabu zilizofungwa kuanzia 1 Julai 2019, na ugomvi ulikuwa hapohapo: kiwango rasmi cha dola au cha mtaani?