Mwanangu, ukitoka rock usiruke moja kwa moja kwenye chakacha

"Baba, tumepata kazi hotelini huku Diani, meneja anataka rock ya wageni na vya kwetu usiku huohuo. Tukibadilisha tu, watu wanarudi kukaa. Nyie mlikuwa mnafanyaje?"

Mwanangu, nimecheka kwanza maana hiyo shida ilitutesa sisi msimu mzima, na tulikuwa tunadhani kosa liko kwa mpiga solo, kumbe masikini hana kosa, kosa liko kwa drams.

Rock ukiisikiliza vizuri, ngoma ya mguu inapiga pigo la moja na la tatu, snea inagonga la mbili na la nne kwa nguvu, na mzungu mwili wake umezoea hiyo snea, hapo ndipo anapopiga makofi. Sasa nyie mnamaliza Hotel California mnasimama mnaingia chakacha, mapigo sita, na snea imepotea. Mtu hajui aweke mguu wapi. Hakuchukia wimbo, amepotea njia tu basi, anarudi kwa bia yake.

Sisi tulivuka kwa cha-cha-cha. Chukua Oye Como Va, wageni wanaijua kwa Santana wanaona ni rock, lakini aliyeitunga ni Tito Puente na ni cha-cha-cha, na cha-cha-cha babu zako waliicheza kwenye madansi kabla Santana hajaurekodi wimbo huo. Kodi zake mbili tu, A ndogo na D, unaweza kukaa humo dakika kumi hakuna anayelalamika. Hapo ndani ndipo kazi inafanyika. Mwambie wa drams aanze na snea kama rock, akishaona wamejaa aiache snea, agonge ukingo wake kwa fimbo, kengele ishike kila pigo. Besi isibadilike hata kidogo! Wakizoea hivyo, ule ukingo aupange tatu-mbili, anagonga tatu kisha mbili, ile ya rumba, na hapo mwimbaji anaingia na wimbo wenu wowote ulio kwenye A ndogo, bila kusimama, bila kusema asanteni sana. Mgeni anashtukia anacheza rumba na hajui alivuka saa ngapi.

Chakacha ije baada ya hapo. Lile pigo la mguu liacheni pale pale, spidi ile ile, ila katikati yake mlikuwa mnaligawa mbili sasa mligawe tatu. Wa drams akianza kukimbia ujue hajaligawa, ameongeza spidi tu, na hilo ndilo kosa la kila siku. Mimi nilikuwa siangalii wageni, niliangalia wahudumu. Chakacha ni ngoma ya harusi ya mama zetu, ikikaa sawa yule kijana wa trei anatikisa bega bila kujijua, isipokaa sawa anapita kama anapita jikoni.

Halafu gitaa. Tulikuwa na mwenzetu mmoja fundi kweli wa rock, anaukwaruza mlio mpaka spika inalia, siku moja akasahau kuzima kile kidude cha mguuni tukaingia chakacha nacho. Sauti zile za haraka haraka zikarundikana ikawa kama mashine ya kusaga. Meneja alitoka ofisini kwake mwenyewe. Kwenye vya kwetu gitaa liwe safi, kila sauti isikike peke yake.

Na hiyo Hotel California, mkitaka ule mlio wenyewe, lile gitaa la mwanzo limebanwa shingoni kwa kepo kwenye kibao cha saba linapigwa kama E ndogo, inatoka B ndogo. Kepo hatukuwa nayo, tulikata penseli tukaifunga kwa mpira wa tyubu ya baiskeli na ilishika mpaka asubuhi. Mwimbaji wenu akishindwa kule juu shukeni, hakuna mgeni atakayewashtaki.

Umeniuliza pia juzi kwa simu kama kupiga kopi za nyimbo za wengine hakuwaui nyie kama wanamuziki. Sijui nikujibu vipi, ila wale ndugu wa bendi ya Them Mushrooms walipiga hotelini hapa hapa Mombasa, na wimbo wao Jambo Bwana ulitoka kwenye zile salamu za kila siku na wageni, na mwaka 1983 Boney M wakaurekodi. Kwa hiyo safari hiyo waliopiga kopi ni bendi ya Ulaya. Nadhani Them Mushrooms walifika pale kwa sababu walikuwa wanajua mguu wa mgeni unakaa wapi, na hilo walijifunza kwa kopi za watu.

Anzeni na seti moja kesho, kabla wageni hawajaja, na mkae kwenye A ndogo mpaka wa drams achoke. Nirekodie unitumie, ila simu iwekwe karibu na besi, mara iliyopita nilisikia sahani tu.